Nyumba moja, aspirini moja: baba aache, baba mdogo arudie, mama je?

Shikamoo Dokta. Mimi binti wa miaka 34, niko Morogoro. Baba yangu ana miaka 72, ana presha tu, hajawahi kuugua moyo wala kiharusi, ila miaka kama tisa sasa anameza junia aspirini kila usiku, famasi walimwambia inalainisha damu. Magoti yanamsumbua kwahiyo anameza na diklofenaki. Mwezi uliopita akaanza kizunguzungu na choo cheusi, tukampeleka zahanati wakapima damu ikaja 8.4, wakampa vidonge vya kuongeza damu tukarudi nyumbani. Choo bado cheusi. Nimemwambia aache aspirini kakataa, anasema anakula kwanza ndo anameza na ni zile zenye ganda, tena ndo zimemfikisha hapa alipo. Sasa baba mdogo (miaka 61) ambaye aliwekewa stenti miaka miwili iliyopita baada ya shambulio la moyo, aliposikia ya baba akaogopa, wiki mbili sasa kaacha za kwake. Na mama (58, ana sukari) anataka aanze yeye kumeza zilizobaki, kaambiwa na wenzie wa kikoba. Yaani sijui nimwambie nani nini.
Binti wa Moro

Marahaba binti. Baba apelekwe hospitali leo, na isiwe zahanati, iwe hospitali kubwa yenye damu ya kuongeza na kipimo cha kumeza mpira wa kamera. Mengine utayasoma mkiwa kwenye foleni.

Hilo choo ndilo linanitia wasiwasi. Damu ikivuja tumboni au kwenye utumbo wa juu inasagwa njiani, inatoka nyeusi kama lami, inanata na ina harufu mbaya ambayo mtu akishaisikia mara moja haisahau. Tatizo ni kwamba vidonge vya kuongeza damu navyo vinafanya choo kiwe cheusi, kwahiyo sasa hivi huwezi kujua kwa kuangalia tu kama bado anavuja au ni rangi ya dawa. Ila wewe mwenyewe umesema weusi ulianza kabla ya hivyo vidonge, na damu tayari ilikuwa 8.4, hapo mtu anajaza ndoo bila kuangalia imetoboka wapi. Mwambieni daktari mpangilio huo huo, kwamba choo cheusi kilitangulia, vidonge vikafuata, na mtajieni aspirini na diklofenaki kwa majina, maana watu wengi wakiulizwa "unatumia dawa gani" wanataja ya presha peke yake, zile za magoti hawazihesabu kama dawa.

Aspirini na diklofenaki zote mbili asizimeze usiku wa leo. Kwa mtu ambaye hajawahi kupata tatizo la moyo wala kiharusi hakuna haja ya kupunguza kidogo kidogo, anaacha moja kwa moja. Huko hospitali watarudia kupima damu, wataangalia figo, watamwingiza mpira wa kamera waone kama kuna kidonda, na wampime yule bakteria wa vidonda vya tumbo ambaye huku kwetu watu wengi sana wanaishi naye bila kujua. Akikutwa naye atapewa antibayotiki pamoja na omeprazo, na dozi hiyo aimalize yote, asiache siku ya tatu kwa sababu tumbo limetulia. Akianza kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, au akainuka akaanguka, au moyo unakwenda mbio akiwa amekaa tu, hapo hata msisubiri kukuche.

Sasa habari ya kula kwanza na ganda. Mzee anaamini kidonda kinatokana na kidonge kugusa tumbo, na kweli kuna kaukweli kidogo humo, ila sehemu kubwa ya madhara inapita kwenye damu. Aspirini ikishanyonywa inakwenda kuzima kimeng'enya fulani mwilini. Kwenye chembe sahani, zile chembe ndogo zinazokimbilia kwenye jeraha zikashikana kuziba, kimeng'enya hicho kikizimwa chembe haishikani vizuri tena, na kwa kuwa haina kiini haiwezi kutengeneza kingine, inabaki hivyo hadi ife baada ya siku 7 mpaka 10 hivi. Ndiyo maana kidonge kidogo cha miligramu 75 mara moja kwa siku kinatosha, na ndiyo maana baba akiacha leo damu yake haitarudi kawaida kesho, itachukua siku kadhaa chembe mpya zikija. Lakini kimeng'enya hicho hicho ndicho kinachosaidia tumbo kutengeneza ute wa kujikinga na asidi yake lenyewe. Kwahiyo umeze ukiwa umeshiba, umeze yenye ganda au isiyo na ganda, dawa ikishafika kwenye damu inarudi tumboni kwa mlango wa nyuma na kuondoa kinga ile. Halafu mzee akaongeza diklofenaki juu yake, ambayo nayo inafanya kazi hiyo hiyo tena kwa nguvu zaidi, na bado inapandisha presha na kusumbua figo. Mimi ningeuliza kwanza ni nani alimwandikia hizo dawa mbili kwa pamoja, ila najua jibu, hakuna aliyeandika, kila moja ilinunuliwa dirishani kwa siku yake.

Kwa magoti atumie panadoli kwa kipimo chake, na zipo dawa za kupaka. Asihamie ibuprofeni akidhani ni salama, hiyo ni ndugu wa diklofenaki.

Haya, kwanini dawa moja mkubwa aache na mdogo arudie? Hapa nitaweka namba, chache tu, zisome taratibu.

Chukua watu 1000 walio kama baba mdogo, yaani walishapata shambulio la moyo au kiharusi cha mshipa kuziba. Mwaka 2009 watafiti walikusanya tafiti nyingi za aspirini wakazijumlisha, ikaonekana kwa watu wa aina hiyo, wasiotumia aspirini kama 82 kati ya 1000 wanapata tatizo lingine kubwa la moyo au mishipa ndani ya mwaka mmoja, na wanaotumia ni kama 67. Watu 15 wameokolewa kwa mwaka, kila mwaka. Hiyo ndiyo kinga ya pili, kuzuia jambo lisirudi kwa mtu ambaye lilishamkuta.

Sasa chukua wazee 1000 walio kama baba, wazima, hawajawahi kuugua moyo. Kuna utafiti unaitwa ASPREE, matokeo yalitoka 2018, ulifanyika Australia na Marekani kwa watu 19,114, wengi wao wa miaka 70 na kuendelea, nusu wakapewa aspirini miligramu 100 na nusu kidonge kisicho na dawa, wakafuatiliwa karibu miaka mitano. Kwa mwaka, waliopata tatizo la moyo au kiharusi ni kama 11 kati ya 1000 upande wa wasio na dawa, na upande wa aspirini ni kama 11 pia, tofauti ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuitenga na bahati tu. Lakini damu kuvuja vibaya, ile ya kulazwa au ya ndani ya kichwa, ilikuwa kama 6 kwa wasio na aspirini na karibu 9 kwa wenye aspirini. Kwahiyo faida haionekani, hasara inaonekana. Tena hao walichujwa kwanza, wenye upungufu wa damu na wenye hatari kubwa ya kuvuja hawakuingizwa, mzee mwenye diklofenaki mfukoni na damu 8.4 asingepita hata mlangoni.

Umeona inavyokwenda? Aspirini haikati idadi maalumu ya watu, inakata sehemu ya hatari uliyonayo. Ukiwa na hatari kubwa, sehemu hiyo ni watu wengi. Ukiwa na hatari ndogo, sehemu ileile inakuwa mtu nusu. Ila kuvuja damu hakujali kama uliwahi kuugua moyo au la, kunaongezeka watu wawili watatu kati ya 1000 kwa mwaka kwa umri wa mzee, na kunapanda kadiri mtu anavyozeeka, akiwa na vidonda vya tumbo, figo dhaifu, pombe, dawa za maumivu kama hizo za baba, steroidi, au dawa nyingine za kuyeyusha damu kama wafarini. Kwa baba mdogo unawapoteza hao wawili watatu unaokoa 15. Kwa baba unawapoteza haohao na huokoi wa kuonekana.

Na akisema aspirini ndo imemfikisha hapa, mwambie kwa adabu kwamba katika utafiti ule, kila mwaka watu kama 989 kati ya 1000 hawakupata tatizo la moyo wala kiharusi wakiwa wanameza kidonge kisicho na kitu ndani. Yeye yuko kwenye hao 989, aspirini imedandia sifa tu.

Simlaumu sana lakini, wala yule wa famasi. Ushauri wa kumeza kila siku ulikuwa na msingi wake. Mwaka 1989 Wamarekani walitoa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa madaktari wanaume 22,071, na waliotumia aspirini walipungukiwa mashambulio ya moyo kwa asilimia 44, dunia nzima ikashtuka. Ila enzi zile statini, yaani dawa za kushusha mafuta kwenye damu, zilikuwa bado hazijaenea, presha haikutibiwa kama leo, hatari ya moyo ya kuanzia ilikuwa juu. Tangu hapo dawa za presha na za mafuta zikashusha hatari, aspirini ikabaki na kidogo cha kukata, wakati kuvuja damu kukabaki palepale. Ndiyo maana 2022 jopo la Marekani linaloshauri mambo ya kinga likasema watu wa miaka 60 na kuendelea wasianzishwe aspirini kwa ajili ya kinga ya kwanza, yaani kwa mtu ambaye bado hajawahi kuugua moyo wala kiharusi. Taarifa za namna hii zinachelewa kufika madirishani, hasa zile zinazosema dawa fulani isiuzwe.

Kwa baba mwenye presha kuna la ziada. Presha isiyoshikwa vizuri ikikutana na aspirini, hatari ya mshipa kupasuka kichwani inapanda, na kwetu Afrika sehemu ya viharusi vinavyotokana na mshipa kupasuka ni kubwa kuliko ilivyo Ulaya. Kinachomkinga yeye na kiharusi ni ile dawa ya presha kila siku bila kuruka, na kupima mara kwa mara kuona kama namba zimeshuka kweli. Ukiniuliza, hela ya aspirini ya miaka tisa ingenunua mashine ya presha ya mkononi.

Kabla hamjaifuta kabisa lakini, kaa na mzee au mama muulize vizuri. Je, aliwahi siku moja kupooza mkono au mdomo ukapinda kwa dakika au masaa halafu akarudi sawa? Aliwahi kulazwa kwa kifua? Aliwahi kuambiwa mshipa wa mguu umeziba, au mapigo ya moyo hayaendi sawa? Kuna familia zinasema "hana kitu" kumbe alipata kakiharusi kadogo zamani wakakaita kichaa cha presha. Kama lipo lolote kati ya hayo, hospitali waambiwe, maana hapo hesabu inabadilika na uamuzi wa kurudisha au la ni wao baada ya kuona tumbo lake. Kwa mapigo yasiyo sawa dawa yenyewe kwa kawaida sio aspirini, ni nyingine.

Baba mdogo sasa. Huyu apige simu kliniki yake ya moyo leo, asingoje tarehe ya kadi. Kama hana choo cheusi, hatapiki damu, na hajawahi kuambiwa ana mzio wa aspirini, ninachotarajia wamwambie ni arudie dozi yake ya kila siku mara moja, na hakuna haja ya kumeza nyingi kufidia wiki mbili. Stenti ni kijibomba cha waya kinachoshikilia mshipa uwe wazi, na chembe sahani zikirudi na nguvu zake zote zinaweza kuganda juu ya waya ule au kwenye mshipa mwingine uliochakaa. Siku kumi tu zinatosha chembe zote kuwa mpya, kwahiyo yeye saa hizi hana ulinzi wowote wa ile dawa. Kifua kikibana, jasho la baridi, pumzi ikawa fupi, maumivu yakaenda mkono au taya, ni hospitali moja kwa moja.

Aangalie na boksi zake. Baada ya stenti watu huwa wanapewa dawa mbili za chembe sahani kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja, halafu ya pili inaachwa na aspirini inaendelea. Wengine wanachanganya, wanaacha isiyopaswa kuachwa. Asome jina, na kama bado anatumia klopidogreli, ambayo mara nyingi ndiyo hiyo ya pili, aseme, kwa sababu omeprazo inaipunguzia nguvu na watamchagulia dawa nyingine ya asidi.

Hofu yake ya tumbo ni ya haki, na dawa yake sio kukimbia aspirini. Hong Kong walifanya utafiti, ukachapishwa 2010, kwa watu 156 wenye ugonjwa wa moyo au mishipa ambao vidonda vyao vilikuwa vimetoka damu kwa sababu ya aspirini, vikazibwa kwa kamera, wote wakapewa dawa nzuri ya asidi. Nusu wakarudishiwa aspirini palepale, nusu wakapewa kidonge kitupu. Waliorudishiwa walivuja tena zaidi, kama 10 kati ya 100 dhidi ya 5. Lakini ndani ya wiki nane waliokufa ni kama 1 kati ya 100 kwa wenye aspirini na 13 kati ya 100 kwa wale walioachishwa. Msomee hiyo polepole. Yaani hata mtu ambaye tumbo lilishatoka damu, kama moyo wake uko kwenye kundi la baba mdogo, madaktari wanaziba kidonda, wanampa ya asidi, halafu wanamrudishia aspirini mapema. Yeye ambaye tumbo lake halijafanya lolote aombe tu kupimwa yule bakteria na aulize kama anahitaji dawa ya asidi, na asiguse dawa za maumivu za kaka yake.

Mama yuko katikati. Kwa wenye sukari ambao moyo bado mzima kuna utafiti mkubwa wa Uingereza, ASCEND, 2018 pia, watu 15,480 kwa zaidi ya miaka saba. Ukichukua watu 100, aspirini iliokoa kama 1 na tatizo la moyo au kiharusi, na ikamvujisha mwingine kama 1. Sare. Wapo wenye sukari ambao daktari akipima mafuta, presha, sigara, figo na tumbo anaona inafaa wajaribu, ila huo ni uamuzi wa kliniki mkiwa na majibu mezani. Kwa sasa asianze, na zile hela azielekeze kuuliza kwanini hajaandikiwa statini, maana kwa mwenye sukari wa umri wake hiyo ndiyo yenye faida ya wazi.

Vidonge vilivyobaki msivigawe, na msivitupe vyote. Mtu mzima wa hapo nyumbani akipata kifua cha kubana cha namna niliyoitaja, na havuji damu popote wala hana mzio, vinne vya miligramu 75 vinatafunwa, havimezwi vizima, mkiwa njiani kwenda hospitali. Baba hayumo kwenye ruhusa hiyo mpaka tumbo lake lijulikane. Na akiwa ni mtu mdomo umepinda au mkono umelegea ghafla, hata awe baba mdogo mwenyewe, msimpe hata kimoja, maana bila siti skani hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka, na ukiwa umepasuka mmeongeza mvujo kichwani. Huyo apelekwe kwenye skani, na mkumbuke saa dalili zilipoanza, wataiuliza mlangoni.